Sura ya Sita: Damu Iliyoongezeka Ikaonekana Imepungua

Tumchukue mama wa mfano, mwenye mimba ya kwanza na afya njema. Alianza kliniki wiki ya 12. Akatobolewa kidole, kipimo cha wingi wa damu kikasoma gramu 12.4, na mkunga akaiandika nambari hiyo kwenye kadi. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, vile ambavyo kliniki nyingi huviita fefo, akavimeza kila siku bila kuruka. Wiki ya 26 alipimwa tena. Safari hii ilisoma 10.9.

Nyumbani yalizuka maneno. Mama mkwe alisema dawa za hospitali hazina nguvu, apewe juisi ya rosela. Jirani alisema mtoto ndiye anayemnyonya mama damu. Mama mwenyewe alianza kujihisi mchovu kuliko alivyokuwa jana yake, kabla ya kuiona nambari. Na kumbe siku ile alikuwa na damu nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake.

Ili tuelewe jambo hilo linawezekanaje, twende kwanza jikoni. Sufuria ya maharage iko motoni, imetosha watu wanne. Wageni wanabisha hodi. Mpishi anaongeza maharage vikombe viwili na maji vikombe vitano. Sasa sufuria imejaa, na maharage yaliyomo ni mengi kuliko mwanzo. Lakini ukichota upawa mmoja, utakuta mchuzi mwingi na maharage machache. Kipimo cha kliniki ni upawa huo. Hakituambii mama ana damu kiasi gani mwilini. Kinaeleza tu kila mililita 100 za damu yake zimebeba gramu ngapi za himoglobini, ile rangi nyekundu iliyo ndani ya chembe za damu, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni.

Damu ina sehemu mbili kubwa: chembe, ambazo karibu zote ni nyekundu, na majimaji ya rangi ya manjano yanayozibeba, yaitwayo plazma. Mama wetu, kabla ya mimba, alikuwa na takriban lita 2.6 za plazma na lita 1.4 za chembe nyekundu, jumla lita 4. Tukichukulia kwamba hata wakati huo kila mililita 100 zilikuwa na gramu 12.4, himoglobini yake yote ilikuwa karibu gramu 496. Kufikia wiki ya 26, plazma imepanda hadi lita 3.7 na chembe hadi lita 1.65, jumla lita 5.35. Himoglobini yote sasa ni karibu gramu 585. Ameongeza gramu 89 nzima. Lakini zigawe katika lita zote 5.35, utapata 10.9. Tajiri ameonekana maskini kwa sababu nyumba yake imepanuka.

Maji hayo yote yanatoka wapi? Hayatokani na kunywa maji mengi, kama wengine wanavyodhani. Kazi inaanza mapema mno, karibu wiki ya 6, mara nyingi kabla mama hajamwambia mtu kwamba ana mimba. Homoni za ujauzito hulegeza kuta za mishipa ya damu mwili mzima, na mishipa inapanuka. Chombo kimekuwa kikubwa, kilichomo ni kilekile, kwa hiyo figo zinahisi kana kwamba damu imepungua. Zinaitikia kama ambavyo zingeitikia mtu aliyepoteza damu: zinatoa kichocheo ambacho mwishowe kinaziamuru zizuie chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Siku kwa siku plazma inaongezeka, hadi inafikia kilele kati ya wiki ya 32 na ya 34, ikiwa imezidi ile ya kabla ya mimba kwa karibu nusu.

Figo hizohizo hutoa pia homoni inayouhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Uboho unaitikia, lakini kwa mwendo wa taratibu, maana chembe nyekundu si maji. Ni lazima iumbwe, na kuumbwa kwake kunataka madini ya chuma, foliki asidi, vitamini B12 na protini. Mwisho wa mimba, mama asiyetumia madini ya chuma huwa ameongeza chembe kwa karibu asilimia 18, na anayetumia kwa asilimia 25 hadi 30. Plazma imekimbia, chembe zinatembea. Pengo kati yao ndilo linaloonekana kwenye kadi. Linakuwa pana zaidi mwishoni mwa miezi mitatu ya pili na mwanzoni mwa ile ya mwisho, halafu plazma inasimama huku chembe zikiendelea kuja, na nambari ya mama mwenye madini ya kutosha hupanda kidogo kabla ya kujifungua.

Mtu anaweza kuuliza mwili unafaidika nini kwa kujitia maji. Faida ya kwanza iko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikikomaa, mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, na damu hiyo lazima ipenye katika nafasi nyembamba za kondo bila kukwama. Damu nyepesi hupita kwa urahisi kuliko nzito. Faida nyingine huonekana siku ya kujifungua. Mama wetu akipoteza nusu lita ya damu, jambo la kawaida katika uzazi, anapoteza gramu 55 tu za himoglobini, na tayari alikuwa ameweka akiba ya gramu 89. Amelipa gharama ya uzazi kwa akiba, mtaji haukuguswa. Maji ya ziada yaliyobaki huondoka kwa mkojo katika siku na wiki zinazofuata.

Kuna ushahidi mmoja ambao napenda kuurudia kwa wakunga, kwa sababu unapindua mazoea. Mwaka 1995 Philip Steer na wenzake walichapisha uchunguzi wa mimba 153,602 katika eneo la London. Walitazama kiwango cha chini kabisa cha himoglobini ambacho kila mama alifikia, wakakilinganisha na uzito wa mtoto. Watoto wenye uzito pungufu na waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wachache zaidi kwa akina mama ambao kiwango chao kilishuka hadi kati ya 9.5 na 10.5, mradi ukubwa wa chembe zao ulikuwa wa kawaida. Wale ambao damu yao haikushuka, iliyobaki juu ya 12, hawakufanya vizuri hivyo. Kubaki juu kulimaanisha kwamba plazma haikupanuka inavyopaswa, na mimba yenye plazma haba huambatana na shinikizo la damu la ujauzito na mtoto mdogo. Kwa hiyo mama mwenye gramu 13.5 wiki ya 30 asipongezwe akaachwa aende. Apimwe presha, apimwe protini kwenye mkojo, na urefu wa tumbo upimwe kwa utepe.

Tahadhari, hata hivyo. Matokeo ya London yasihamishwe kijuujuu kwenda Handeni au Kilifi na kusema 9.5 ni sawa kwa kila mtu. Kule London malaria haipo na minyoo ya safura haipo. Ndiyo maana kuna mipaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linahesabu upungufu wa damu pale himoglobini inapokuwa chini ya 11.0 katika miezi mitatu ya kwanza, chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya pili, na chini ya 11.0 tena katika mitatu ya mwisho. Ule mpaka wa kati umeshushwa kwa makusudi, kwa ajili ya maji tuliyoyaeleza. Kati ya gramu 7 na 9.9 ni upungufu wa wastani. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo maisha yako hatarini.

Mama wetu wa 10.9 wiki ya 26 yuko upande salama. Anachohitaji ni kuendelea na fefo yake moja kwa siku, na kutulizwa moyo.

Sasa tumtazame mama wa pili, naye wa mfano. Ana mimba ya tatu. Mtoto wake wa pili ana miezi 22, na alimwachisha kunyonya alipogundua ana mimba. Alianza kliniki akiwa amechelewa, wiki ya 20, kipimo kikasoma 10.8. Akaambiwa ni kawaida. Vidonge alivimeza siku nne, vikamletea kichefuchefu, akaviacha. Wiki ya 30 kipimo kinasoma 9.1. Nimesikia mara nyingi mama kama huyu akiambiwa, "Ni mimba tu, utapona ukijifungua." Maneno hayo yana kosa zito kuliko lile la kumtia hofu mama wa kwanza.

Tutajuaje kwamba hapa si maji peke yake? Kwanza tuhakikishe kipimo chenyewe. Kidole kikitobolewa kidogo kisha kikaminywa kwa nguvu ili tone litoke, majimaji ya nyama huchanganyika na damu na nambari hushuka kwa uongo. Tone la kwanza lifutwe, linalofuata litoke lenyewe. Halafu tutazame ukubwa wa chembe, ambao mashine ya kipimo kamili cha damu huuandika pamoja na himoglobini. Maji yakiongezeka kwenye sufuria, punje ya maharage haibadiliki ukubwa; chembe za mama mwenye wepesi wa kawaida hubaki na ukubwa uleule, pengine zikawa kubwa kidogo. Madini ya chuma yakikosekana, uboho huanza kutoa chembe ndogo na zilizofifia rangi. Ukubwa wa kawaida ni kati ya femtolita 80 na 100. Mama wa pili anasoma 71. Hilo ni jibu karibu kamili, ingawa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa talasemia nao huwa na chembe ndogo.

Maabara kubwa hupima pia feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Ikiwa chini ya 15, ghala ni tupu. Madaktari wengi huanza tiba ikiwa chini ya 30. Lakini feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo kwa mama mwenye malaria nambari nzuri inaweza kudanganya. Pale ambapo hakuna mashine wala feritini, kipo kipimo kisicho na gharama: mpe madini ya chuma kwa usahihi, mpime tena baada ya wiki nne. Ikipanda, umejua.

Na mkunga amuulize kama anakula udongo. Mama wa pili anakula. Ananunua vipande sokoni na kuvificha kwenye khanga. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo nao unaweza kuyanasa madini tumboni na kuleta mayai ya minyoo. Asiaibishwe. Hamu hiyo kwa wengi hufifia madini yanaporudi.

Ghala lake liliishaje? Mimba moja hutaka takriban miligramu 1,000 za madini ya chuma: karibu 300 huenda kwa mtoto na kondo, karibu 500 kwa chembe mpya za mama, na zilizobaki hupotea taratibu kila siku. Chakula cha ugali, maharage na mchicha kina madini ya chuma, lakini tumbo hunyonya sehemu ndogo tu, mara nyingi miligramu moja au mbili kwa siku, na kikombe cha chai juu ya chakula hupunguza hata hiyo. Nusu ya pili ya mimba inataka 6 au 7 kwa siku. Mimba mbili zilizofuatana bila nafasi ya kupumzika zimekomba kilichokuwepo. Rosela ya mama mkwe haina ubaya, lakini wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa damu.

Matibabu yake ni miligramu 120 za madini ya chuma kwa siku, sawa na fefo mbili zenye 60 kila moja. Anywe na maji au juisi ya chungwa, chai na kahawa zisogee angalau saa moja kabla na mbili baada. Kichefuchefu kikirudi, ameze usiku kabla ya kulala, hata kama ni baada ya chakula; kidonge kilichonyonywa kwa shida ni bora kuliko kidonge kilichobaki kwenye pakiti. Aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, maana wengi huacha dawa kwa kushtuka. Apewe dawa ya minyoo, ambayo ni salama baada ya miezi mitatu ya kwanza, apimwe malaria, apimwe virusi vya ukimwi kama bado, na aulizwe habari za sikoseli katika ukoo. Jambo moja dogo ambalo husahaulika: foliki asidi iliyo ndani ya fefo, mikrogramu 400, inafaa, lakini kile kidonge kikubwa cha miligramu 5 hudhoofisha dawa ya SP anayopewa kujikinga na malaria.

Tupige hesabu ya muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Kumtoa 9.1 hadi 11, akiwa na takriban lita 5 za damu, kunahitaji gramu 95 za himoglobini mpya. Kila gramu hubeba miligramu 3.4 za chuma, kwa hiyo anahitaji zaidi kidogo ya miligramu 320. Kati ya 120 anazomeza, tukadirie mwili unanyonya 12, na mtoto anachukua tatu au nne za kwake. Zinabaki takriban nane kwa siku. Gawanya: siku 40. Akianza wiki ya 30, atafika wiki ya 36 akiwa tayari. Angeanza wiki ya 36, uchungu ungemkuta njiani. Baada ya wiki nne za dawa alipimwa, ikasoma 10.2. Imepanda kwa zaidi ya gramu moja, mwendo unaotakiwa. Aendelee hadi afike kiwango chake, kisha abaki kwenye kidonge kimoja mpaka miezi mitatu baada ya kujifungua, ghala lijae.

Kama isingepanda hata gramu moja, swali la kwanza lingekuwa kama kweli anameza, na liulizwe kwa upole. Akiwa anameza na bado haipandi, kuna jambo jingine: malaria iliyojificha, damu inayovuja tumboni, upungufu wa foliki au B12, sikoseli, au tumbo lisilonyonya. Hapo, au iwapo muda umebaki mfupi, madini ya chuma huwekwa moja kwa moja kwenye mshipa kwa dripu. Hufanyika hospitalini, baada ya miezi mitatu ya kwanza, na mtu aangaliwe kwa muda, maana mara chache mwili huikataa dawa ghafla.

Kuongezewa damu ni uamuzi wa daraja lingine. Haufanywi kwa nambari peke yake. Hutazamwa wiki ya mimba na hali ya mama. Mwenye gramu 5 au chini yake, hata akiwa amesimama na kutabasamu, kwa kawaida huongezewa. Kati ya 5 na 7 anaweza kuongezewa ikiwa moyo unaelemewa, ana malaria kali au nimonia, au uchungu uko karibu. Damu iwekwe polepole, kwa sababu mama mwenye upungufu mkali ana plazma tele na chembe chache, na moyo wake uliochoka unaweza kuzidiwa kwa maji.

Sababu ya ukali huu iko kwenye hesabu ileile ya siku ya kujifungua. Mama mwenye gramu 6 akipoteza nusu lita anapoteza gramu 30 tu, lakini hakuwa na akiba. Zinatoka kwenye zile chache zinazoupa moyo wake oksijeni. Damu ambayo mwenzake angeipoteza akanywa uji na kulala, yeye inaweza kumuua.

Basi, dada unayesoma ukiwa na kadi mkononi, omba kila kipimo cha wingi wa damu kiandikwe pamoja na wiki ya mimba, vyote kwenye kadi moja, ili mkunga aone mwendo wake wote. Na kama viganja vimekuwa vyeupe, moyo unakwenda mbio umekaa, au unashindwa kupumua ukilala chali, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo.